Faida tano zilizokatwa: chaneli ya Donchian inalipia wapi hasara zake

*"Shikamoo mwalimu. Tangu Februari natumia chaneli ya Donchian ya siku 20 kwenye chati ya siku. Nimefungua oda 17, na 12 zimepigwa stopu. Zile 5 za faida nilizifunga kila moja ilipofika mara mbili ya nilichohatarisha, maana nilichoka kuona faida inakuja halafu inarudi. Nahatarisha kama dola 12 kila oda. Akaunti ilianza na dola 300, sasa ina 271. Kila nikinunua naona nimenunua kileleni, bei inageuka. Mfumo umekufa au mimi ndiye nakosea?"* — Msomaji, Morogoro

Marahaba, mdogo wangu. Zile hasara 12 hazijanishtua hata kidogo. Zilizonishtua ni zile faida 5, kwa sababu zote zina ukubwa mmoja. Katika mfumo huu faida hazifanani kamwe. Ukiona zimefanana, ujue kuna mkono wa mtu umezikata.

Richard Donchian, Mmarekani mwenye asili ya Armenia aliyezaliwa Hartford mwaka 1905, alianzisha mwaka 1949 mfuko wa uwekezaji ulioitwa Futures, Inc. Kanuni yake maarufu ni ya wiki nne: bei ikipita kilele cha wiki nne zilizopita, nunua, ikishuka chini ya bonde la wiki nne zilizopita, uza. Wiki nne za soko ni siku 20, na ndiyo hiyo chaneli yako. Mstari wa juu nitauita dari na wa chini sakafu.

Angalia kitu ambacho hakimo katika kanuni hiyo. Hakuna mahali inaposema uchukue faida ikifika kiasi fulani. Inakwambia uingie lini, na inakwambia utoke bei ikishagoma na kurudi kuvunja sakafu. Kati ya hapo ni kimya. Faida inaachwa ikue mpaka soko lenyewe liseme basi, wakati hasara imewekewa mpaka tangu siku ya kwanza. Wewe umeweka mpaka pande zote mbili, na hapo ndipo hesabu ilipopinda.

Kabla ya hesabu, kuna jambo moja la kukagua kwenye simu yako, maana wengi wameshaumia hapa bila kujua. Kiashirio cha Donchian kinachokuja tayari kwenye programu nyingi za chati kinahesabu na mshumaa wa leo. Maana yake, bei ikipanda, dari inapanda nayo papo hapo. Bei haiwezi kupita dari ya namna hiyo hata siku moja, itaigusa tu. Mtu anaona "imegusa dari" na kununua, au anangoja ipite na haipiti kamwe. Dari ya kweli ni ya siku zilizokwisha kufungwa, leo haimo. Kwenye TradingView inaandikwa hivi:

```
//@version=5
indicator("Donchian", overlay=true)
dari = ta.highest(high, 55)[1]
sakafu = ta.lowest(low, 20)[1]
plot(dari)
plot(sakafu)
```

Hiyo `[1]` ndiyo inayorudisha hesabu nyuma kwa siku moja. Kama mistari yako haina hiyo, baadhi ya zile oda 12 huenda hazikuwa oda za mfumo kabisa.

Umeona nimeandika 55 na 20, sio 20 pekee. Namba hizo zilitumiwa Chicago, kuanzia mwishoni mwa 1983, na Richard Dennis na mwenzake William Eckhardt walipofundisha kundi la wanafunzi waliokuja kuitwa Kasa. Wawili hao walibishana kama biashara ya soko inafundishika, wakaamua kujaribu. Wanafunzi walipewa mifumo miwili. Wa kwanza, kuingia kwa dari ya siku 20 na kutoka kwa sakafu ya siku 10. Wa pili, kuingia kwa siku 55 na kutoka kwa siku 20. Dari ya siku 20 inapasuliwa mara nyingi zaidi, na mara nyingi zaidi inakudanganya. Kwa mtu mwenye kazi nyingine na mtaji mdogo, mimi hushauri ule wa pili.

Sasa nikuoneshe oda moja kwa ukaribu. Nimechagua dola dhidi ya yeni ya mwaka 2022, kwa sababu jozi hiyo iko kwa kila broka na unaweza kurudisha chati nyuma leo hii ukaifuata siku kwa siku.

Mwaka huo ulianza na dola ikipanda mpaka 116.35 tarehe 4 Januari, kisha ikarudi. Tarehe 10 Februari ikapanda tena mpaka ukingoni mwa bei hiyohiyo, ikashindwa, ikashuka. Aliyenunua siku hiyo kwa kudhani "itapita tu" alirudishwa nyuma. Ijumaa ya tarehe 11 Machi ikapita. Siku hiyo mfumo ulinunua, tuseme kwa 116.40. Kwa macho ya kawaida ni ununuzi mbaya: bei ya juu kuliko zote kwa zaidi ya miaka mitano, na mara mbili karibuni ilikuwa imegonga hapo na kurudi.

Stopu inawekwa wapi? Kasa walipima mtikisiko wa kawaida wa siku moja na kuuita N. Unachukua kwa kila siku umbali kati ya bei ya juu na ya chini, ukihesabu na mruko kutoka bei ya kufunga ya jana kama upo, kisha unatafuta wastani wa siku 20. Kwa mfano wetu nitatumia N ya yeni 0.70. Stopu ni N mbili chini ya bei ya kuingia, yaani yeni 1.40, kwa hiyo inakaa 115.00. Umbali huo kutoka kuingia hadi stopu ndio ninaouita R. Kila kitu kitakachofuata tutakipima kwa R, kwa sababu dola peke yake hazisemi kama ulihatarisha nyingi au kidogo kuzipata.

Kwa kanuni yako ya kufunga ikifika R mbili, ungetoka 119.20. Bei ilifika hapo ndani ya wiki moja tu. Ungefunga, ungefurahi, ungelala.

Tarehe 16 Machi benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kwa mara ya kwanza tangu 2018. Upande wa pili, benki kuu ya Japani ilikuwa inazuia riba ya hati fungani zake za miaka 10 isipite asilimia 0.25, na mwishoni mwa mwezi ikajitolea kununua hati hizo bila kikomo ili kulinda mpaka huo. Nchi moja inapandisha, nyingine imekataa katakata kupandisha. Fedha ikahama, na haikuhama kwa siku moja. Makampuni, mabenki na mifuko ya pensheni hubadilisha hesabu zao taratibu, kikao baada ya kikao. Ndiyo maana mwelekeo mkubwa huchukua miezi, na ndiyo maana aliyechelewa kuingia kwa wiki kadhaa bado anakuta kilichobaki ni kingi. Chaneli haikujua lolote kuhusu riba. Iliona tu kwamba bei ya juu zaidi ya siku 55 imepitwa.

Tarehe 28 Machi bei ikapita 125. Siku tatu baadaye ilikuwa imerudi hadi karibu 121. Nilikuwa ndani ya oda hiyo, na nakumbuka nilivyokaa nikiitazama simu asubuhi ya tarehe 31, kidole juu ya kitufe cha kufunga. Karibu nusu ya faida ilikuwa imeyeyuka. Kilichoniokoa ni daftari: usiku uliotangulia nilikuwa nimeandika sakafu ya siku 20, nayo ilikuwa mbali kule chini. Nikazima simu, nikaenda kazini. Mwishoni mwa Aprili bei ilipita 130, na tarehe 9 Mei ikafika 131.35.

Kisha ikarudi. Sakafu wakati huo ilikuwa imeshapanda mpaka karibu 127, na tarehe 24 Mei ikavunjwa. Hapo ndipo mfumo ulipotoka.

Tupige hesabu kwa loti 0.01, yaani dola 1,000. Hatari ya mwanzo ilikuwa yeni 1,400, ambazo kwa bei ya 115 ni kama dola 12. Faida ilikuwa yeni 10,600, ambazo kwa bei ya 127 ni kama dola 83. Yaani takriban R saba. Kwa yeni ni saba na nusu hivi, lakini unalipwa kwa yeni ambayo imeshapoteza thamani, kwa hiyo kwa dola inapungua kidogo.

Na kwenye kilele cha 131.35? Pale faida kwenye skrini ilikuwa kama dola 114. Mfumo ulirudisha sokoni dola 30, zaidi ya robo ya faida yote, huku umekaa unaangalia. Hili ndilo lililokuchosha wewe, na nakuelewa. Lakini elewa zile dola 30 zinanunua nini. Mwezi Machi, bei iliporudi kutoka 125 hadi 121, hakuna mtu aliyejua kama ule ndio mwisho au ni kupumua tu. Asiyekubali kurudisha kitu angetoka pale, na asingeiona 131. Nafasi kubwa iliyoachwa kati ya bei na sakafu ndiyo iliyomweka mtu ndani.

Sasa chukua mfululizo wa oda 20 wa kubuni, lakini wenye umbo ninalolijua kutokana na miaka ya kuandika daftari. Oda 13 zinapoteza R moja kila moja. Oda 5 zinatoa faida ndogo, wastani wa R moja. Moja inatoa R nne. Moja inatoa R saba, kama ile ya yeni.

Faida ni 5 kujumlisha 4 kujumlisha 7, sawa na R 16. Hasara ni R 13. Umebaki na R 3 kabla ya spredi na gharama nyingine. Ni faida ndogo, wala sitakudanganya kwamba ni utajiri. Lakini ni faida ya mtu aliyekosea mara 13 kati ya 20.

Sasa weka kanuni yako ya R mbili kwenye oda zilezile. Zile tano ndogo zinabaki vilevile. Ile ya R nne inakuwa R mbili, ile ya R saba inakuwa R mbili. Jumla ya faida ni R 9, hasara bado ni 13, na uko chini kwa R 4. Hujabadilisha hata oda moja ya hasara. Umegusa oda mbili tu, tena za faida, na akaunti imegeuka kutoka kukua kwenda kufa. Utapata matokeo yaleyale, R 4 chini, ukiacha faida zote zikue lakini ukaikosa ile moja ya R saba kwa sababu siku ile ulikuwa umekata tamaa na hukufungua oda. Ndiyo maana nasema ni hatari kubwa kuruka oda baada ya hasara nne au tano. Oda inayolipia nyingine zote haiji na alama usoni. Ile ya yeni, tarehe 11 Machi, ilifanana kabisa na zile zilizoshindwa.

Ukirudi kwenye namba zako, oda 12 kwa R moja ni 12 chini, oda 5 kwa R mbili ni 10 juu. R mbili chini, dola 24, na zile dola 5 zilizobaki ni spredi na gharama za kulaza oda. Akaunti yako imefanya hasa kile ambacho kanuni yako ingeifanya ifanye.

Usije ukadhani kwamba zile tano zote zingekuwa kubwa. Ukiziacha mpaka sakafu, huenda tatu zingekupa chini ya R mbili ulizochukua, na mojawapo ingeweza kugeuka hasara. Kwa hiyo kwa muda mfupi kanuni yako inaweza kuonekana bora kuliko ya Donchian. Watu wengi hukaa miezi sita wakijisifu kwa sababu hiyo, mpaka unapokuja mwelekeo mmoja mrefu nao wanatoka nao kwa R mbili.

Kuhusu kununua kileleni, ni kweli, na ni kazi ya mfumo huu. Soko hutumia sehemu kubwa ya muda wake likizunguka ndani ya chumba kimoja, kwa hiyo kupasua dari kwingi ni kwa uongo: bei inachungulia juu, wanunuzi wanaisha, inarudi. Hata hivyo, haiwezekani bei iende kutoka 116 hadi 131 bila kwanza kupita dari ya 116.35. Kila mwelekeo mkubwa lazima upite mlangoni hapo. Unalipa ada ndogo kila mlango unapofunguka, kwa sababu hujui ni upi wenye njia ndefu nyuma yake.

Suala linalofuata ni kama mtaji wako unaweza kulipa ada hizo. Hapa nina wasiwasi nawe kuliko kwenye hilo la kukata faida.

Mfumo unaopatia asilimia 35 ya oda zake, ukifungua oda 100, utarajie kukutana na mfululizo wa hasara nane hivi bila faida kati yake. Siyo mkosi, ni tabia ya kawaida ya namba. Anayehatarisha asilimia 1 ya akaunti kila mara, baada ya hasara nane amepoteza chini kidogo ya asilimia 8. Dola 300 zinakuwa 277. Wewe unahatarisha dola 12 kwa 300, yaani asilimia 4. Hasara nane kwa kiwango hicho zinakuacha na kama dola 216, na unahitaji kupanda karibu asilimia 39 ili urudi ulipoanzia. Mtu aliyefika hapo huwa hafuati tena kanuni. Anaongeza loti ili arudishe, na hapo ndipo akaunti inapoungua.

Tatizo ni kwamba hukuwa na nafasi ya kuchagua. Loti 0.01 ndiyo ndogo kuliko zote kwenye akaunti ya kawaida, na kama ulivyoona, kwa yeni yenye stopu ya N mbili ni dola 12. Kwa akaunti ya dola 300 hiyo ni asilimia 4 upende usipende. Dhahabu ni mbaya zaidi. Loti 0.01 ya dhahabu ni aunsi moja. N ikiwa dola 30, stopu inakuwa mbali dola 60, na hiyo ni moja ya tano ya akaunti yako kwa oda moja. Watu wanaona hivyo na kusogeza stopu karibu, wanaweka dola 10. Lakini soko linalotikisika dola 30 kwa siku ya kawaida litaifagia stopu ya dola 10 kabla ya chakula cha mchana, hata kama mwelekeo walioukisia ni sahihi. Ukikagua zile hasara 12, tazama ni ngapi stopu ilikuwa chini ya N mbili. Hizo usizihesabu kama kushindwa kwa Donchian.

Kwa mtaji wako, njia ya haki ni akaunti ya senti, ambayo loti imekatwa mara mia. Hapo unaweza kuhatarisha dola 3 kamili kwa oda, asilimia 1, na stopu ikakaa inapostahili. Faida zitaonekana za aibu. Dola 21 kwa ile oda ya yeni. Lakini R zitakuwa za kweli, na ndizo unazojifunza kuzihesabu. Kama akaunti yako ni ile isiyo na riba, wanayotumia Waislamu wengi, soma pia masharti yake kuhusu oda zinazolala siku nyingi. Mabroka wengi huanza kutoza ada ya usimamizi baada ya siku kadhaa, na oda za mfumo huu hukaa wiki na miezi. Nimewahi kuona ada ya namna hiyo ikimega sehemu nzuri ya faida ya oda iliyokaa wiki tisa.

Jambo jingine hujalitaja, nami nakisia: unafuata jozi mbili au tatu, na zote zina dola ndani yake. Ukinunua yuro, pauni na dola ya Australia kwa wakati mmoja, umefungua oda moja kubwa dhidi ya dola ya Marekani, na dola ikigeuka zinapigwa stopu zote pamoja. Kasa walifanya biashara ya masoko mengi tofauti: kahawa, kakao, pamba, sukari, dhahabu, shaba, mafuta, hati fungani, sarafu. Na walijiwekea mipaka. Kipande kimoja cha oda kilipimwa kwa N. Soko moja lisizidi vipande vinne, na masoko yanayofanana sana yasizidi sita kwa upande mmoja.

Sababu ni kwamba mwelekeo mkubwa ni adimu, na hauchagui soko ulilolizoea wewe. Mwaka 2024 yuro dhidi ya dola ilizunguka kati ya karibu 1.06 na 1.12 kwa miezi tisa ya kwanza. Aliyefuata chaneli kwenye yuro peke yake mwaka huo alikuwa na kazi ya kulipa ada tu. Wakati huohuo kakao ya soko la New York, iliyoanza mwaka ikiwa karibu dola 4,200 kwa tani, ilipita dola 10,000 mwishoni mwa Machi, kwa sababu mavuno ya Ivory Coast na Ghana yalikuwa mabaya. Mfumo ni uleule, kanuni ni zilezile. Hata hivyo ipo miaka ambayo karibu masoko yote hukauka kwa pamoja. Baada ya 2010 wafuata mwelekeo walipita kipindi kirefu cha ukame, wakaja kulipwa 2014 mafuta yalipoporomoka na dola ilipopanda. Asiyeweza kuvumilia miaka miwili bila kuona kitu asianze.

Nikutahadharishe na kitu kimoja kinachovunja hesabu yote ya R. Stopu ni ombi kwa broka auze au anunue kwa bei iliyopo ikifika pale. Bei ikiruka pale bila kupita, unapata iliyo upande wa pili. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuilinda bei ya 1.20 kati ya yuro na faranga, bei ambayo ilikuwa imeitetea tangu Septemba 2011. Ndani ya dakika chache yuro ilianguka chini mno, na waliokuwa na stopu karibu na 1.20 walifungwa mbali sana na hapo. Hasara ya R moja iligeuka kuwa R nyingi, na wengine wakajikuta wanadaiwa na broka. Kwa hiyo sarafu ambayo benki kuu imeishikilia kwa nguvu mahali pamoja mimi siigusi kwa mfumo huu. Chati yake inaonekana tulivu, N yake ni ndogo, nawe unashawishika kufungua loti kubwa kwa stopu ya karibu. Utulivu huo ni wa kushikiliwa.

Umeuliza kama mfumo umekufa. Daftari lako litakujibu, ila liwe na safu tatu kwa kila oda: R iliyopangwa, R iliyopatikana kweli, na R ambayo ingepatikana kama ungefuata sakafu bila kugusa kitu. Hasara zako zikiwa zinazidi R moja mara kwa mara, tatizo liko kwenye utekelezaji: spredi kubwa, stopu unayoisogeza, oda unazofungua habari zikiwa zinatoka. Safu ya pili ikiwa ndogo kuliko ya tatu kwenye oda za faida, tatizo ni mkono wako. Safu hizo mbili zikilingana, hasara zikawa R moja moja, na bado uko chini, basi ni soko limelala, na hapo hakuna cha kurekebisha zaidi ya kuhakikisha asilimia unayohatarisha ni ndogo ya kutosha kukufikisha mbele. Oda 17 hazitoshi kuhukumu lolote zaidi ya hapo. Kupatia 5 kati ya 17 na kupatia 6 ni kitu kimoja, na 6 ndiyo ningetarajia.

Kwa hiyo usifungue oda mpya wiki hii. Chukua zile tano ulizozifunga kwa R mbili, weka kwenye chati mistari ile yenye `[1]`. Kwa kuwa uliingia kwa dari ya siku 20, tumia sakafu ya siku 10 kama walivyofanya Kasa: badilisha namba 20 kwenye mstari wa `sakafu` iwe 10. Oda uliyouza badala ya kununua itakuwa kinyume, utatoka kwa dari ya siku 10, kwa hiyo 55 kwenye mstari wa `dari` nayo iwe 10. Sogeza mshumaa mmoja mmoja mpaka mstari wa kutokea uvunjwe, uandike bei. Zile ambazo mstari haujavunjwa mpaka leo, ziandike "bado iko ndani". Gawanya kila umbali kwa R yako ya mwanzo. Nitumie namba hizo tano pamoja na majina ya jozi na tarehe ulizoingia, nami nitakuonesha ni ipi kati yake ilipaswa kulipia zile 12, au kama kweli hakukuwa na hata moja.